Slaidi 62, Ukurasa Mmoja

Slaidi za mafunzo ya bidhaa huandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi. Ana kiti, ana chai ya saa nne, ana daftari alilopewa mlangoni, na siku nzima iko mbele yake. Kadi ya muuzaji huandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo, anayepima mbegu za alizeti huku akitafuta chenji, na mkulima mbele yake anauliza, "Mfuko elfu tano? Mbona gunia ni elfu moja?" Huyu wa pili ana sekunde kumi hivi za kujibu. Zikipita, mkulima ameshageukia rafu ya dawa za mifugo.

Wengi hudhani kuitoa kadi ndani ya slaidi ni kazi ya kufupisha. Mimi pia nisingeipa hadhi kubwa kuliko hiyo kama nisingepata nafasi ya kumtazama dada mmoja wa idara ya masoko akiifanya, katika kampuni inayosambaza mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ile ambayo Tanzania wengi huiita mifuko ya kinga njaa. Hakufupisha chochote. Alianza upya, na slaidi akazitumia kama ghala la kuchukulia vitu.

Slaidi zenyewe zilikuwa 62 na hazikuwa mbaya. Ziliandaliwa na mtaalamu wa kilimo anayejua anachosema. Zilianza na historia: jinsi Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walivyoanza utafiti huu Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, wakitafuta njia ya kuokoa kunde zisiliwe na wadudu ghalani. Zikafuata takwimu za upotevu wa nafaka barani Afrika, picha za wadudu zilizokuzwa hadi wakafanana na mazimwi, muundo wa mfuko, hatua za kuufunga, matunzo, maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na mwisho ramani ya mawakala. Kila slaidi ilikuwa na sababu ya kuwepo. Ila zilipangwa kwa kufuata bidhaa: ilikotoka, ilivyo, inavyofanya kazi, inavyotumika. Mteja hafuati njia hiyo. Anaanza na shaka yake, na akijibiwa anaweza kuondoka na mfuko bila kujua hata kidogo kwamba kulikuwa na Kamerun ndani ya habari hii.

Kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya dada huyu ni kufunga kompyuta na kwenda kukaa kwenye benchi la duka la pembejeo Kibaigwa, pale kwenye soko la mahindi, msimu wa mavuno. Hakuuza wala hakuelezea. Aliandika wanachosema watu, kwa maneno yao. Kwenye slaidi ya 51 paliandikwa: "Changamoto ya uelewa wa bei ukilinganisha na thamani." Kwenye daftari lake paliandikwa: "Kwa elfu tano napata magunia matano." Ni hoja ileile, lakini ile ya kwanza haijibiki kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kuisema kaunta. Ya pili inajibika.

Mengine aliyoyaandika: "Dumuzi anatoboa mlingoti wa ghala, atashindwa na plastiki?" "Sasa tukitaka kula?" "Panya je?" "Hiyo plastiki haitaingiza sumu kwenye unga?" "Jirani aliweka mwaka jana, yakaoza."

Kando ya kila hoja alipiga vijiti kuhesabu imesemwa mara ngapi. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, kwa sababu hakuishia kwenye kuhesabu. Alitia alama nyingine pale ambapo mteja aliondoka bila kununua. Swali la panya lilikuwa na vijiti vingi, lakini karibu wote waliouliza walinunua. Walikuwa wanauliza tu, na jibu la kweli, kwamba mfuko hauzuii panya na ghala linahitaji usafi na paka kama zamani, halikumkimbiza mtu. Ile ya "yakaoza" ilikuwa na vijiti vichache kuliko zote. Ila kila aliyeisema aliondoka, na aliyekuwa amesimama nyuma yake akimsikiliza naye akaondoka. Kwenye kadi, panya alipewa mstari mdogo chini. Kuoza kulipewa nafasi kubwa kuliko bei.

Baada ya hapo ndipo alipofungua slaidi, akiwa na kalamu nyekundu na swali moja: nani ataniuliza hili akiwa amesimama? Historia ikaondoka. Ramani ikaondoka. Takwimu za bara zima zikaondoka, na sababu yake inafaa kuelezwa. Slaidi ilisema upotevu wa nafaka baada ya mavuno ni asilimia kubwa sana, ya kutisha. Alisema mkulima akisikia asilimia ya Afrika hana pa kuipima. Anaweza kuikubali kwa heshima na asinunue. Anachokijua ni gunia lake la mwaka jana.

Slaidi ya 14 ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko zote, na naielewa sababu, kwa maana ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Ilieleza kinachotokea ndani ya mfuko ukishafungwa. Nafaka ikiwa na wadudu, wadudu wale wanaendelea kupumua. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya mfuko inashuka siku hadi siku, na kabonidioksidi inapanda. Oksijeni ikishuka sana wadudu wanaacha kula na kuzaliana. Kisha linakuja jambo ambalo mtaalamu wetu hulieleza macho yakimng'aa: wanaokufa mle ndani hufa zaidi kwa kiu. Mdudu anayeishi kwenye nafaka kavu hana pa kunywa, maji yake anayatengeneza mwilini kutokana na chakula, na ili kuyatengeneza anahitaji oksijeni. Ukimnyima oksijeni umemnyima na maji.

Ni elimu tamu, na kwenye kadi haimo. Dada aliiandika, akaisoma kwa sauti, akaifuta. Alichobakiza ni sentensi moja: mdudu anamaliza hewa aliyofungiwa nayo, anaacha kula, kisha anakufa. Nilimuuliza kwa nini kiu isiingie, maana ndiyo inayofanya watu wainue vichwa semina. Akanijibu kwamba sentensi ya hewa inambeba muuzaji hadi kwenye kanuni ya matumizi, na ya kiu haimpeleki popote. Ukishamwambia mteja kwamba hewa ndiyo inayoisha, yeye mwenyewe anajua kwa nini kila plastiki inafungwa peke yake, kwa nini hewa inakandamizwa itoke kabla ya kufunga, na kwa nini mfuko haufunguliwi kila baada ya siku mbili. Hoja ya "tukitaka kula?" nayo inajibiwa palepale: mahindi ya kula wiki hizi yakae kwenye gunia la kawaida, mfuko ni wa yale ya Januari na Februari. Sentensi moja ilikuwa imechukua nafasi ya slaidi tano bila kuzifupisha.

Sasa nitazame bei, kwa sababu hapo ndipo kadi nyingi huharibika. Slaidi zilikuwa na jedwali la faida ya uwekezaji, lenye mishale ya kijani na asilimia tatu tofauti. Dada aliliondoa lote, akaweka hesabu ambayo mkulima anaweza kuifanya kichwani. Tuchukue bei za mfano: mfuko shilingi 5,000, na mahindi shilingi 500 kwa kilo wakati wa mavuno. Mfuko basi ni sawa na kilo 10 za mahindi. Mahindi yakipanda hadi 800 kufikia Februari, mfuko huohuo ni kilo sita na kidogo. Angeweza kuandika sita, na ndivyo wengi wangefanya. Aliandika kumi, ile inayomuumiza. Angeweza pia kuugawa mfuko kwa misimu miwili, maana ukitunzwa bila kutobolewa unatumika tena, na gharama ingeshuka hadi kilo tano. Hakuugawa. Aliliweka hilo baada ya hesabu kama nyongeza, ili mteja akilitilia shaka hesabu isianguke pamoja nalo.

Chini ya hesabu kuna swali ambalo muuzaji anamrudishia mteja: "Gunia la kilo mia mwaka jana, ulipolifungua lilikuwa na kilo ngapi?" Kimya kinachofuata ndicho kinachouza. Mteja akisema lilipungua kilo kumi na tano, amejijibu. Akisema halikupungua kitu, kwa kuwa aliuza mapema au dawa yake ilifanya kazi, basi naye amejijibu, na muuzaji anatakiwa kumwachia. Kadi inasema hivyo wazi.

Kwa dumuzi, kadi ilitaka kugombanisha ofisi. Mdudu huyu, anayejulikana kwa wataalamu kama Prostephanus truncatus, asili yake ni Amerika ya Kati; Afrika aligunduliwa kwanza Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na kuna wakulima waliompa jina la Scania kwa jinsi anavyosaga kila anachokipitia. Anatoboa mbao kavu. Slaidi ya 33 ilisema: "Mfuko hautobolewi na wadudu." Dada aliipigia mstari akampelekea mtaalamu, akamuuliza kama yuko tayari kuisema sentensi ile mbele ya mkulima wa Kongwa ambaye nguzo za ghala lake zimeliwa. Mtaalamu akakiri kwamba dumuzi hutoboa plastiki mara nyingine, na kwamba vitundu vimeonekana hata kwenye majaribio, ingawa nafaka ndani huwa imeharibika kidogo mno kuliko ile ya gunia la kawaida.

Jibu la kwenye kadi likawa hivi:

"Anaweza kutoboa, hasa akiachwa ghalani nje ya mfuko. Ndiyo maana plastiki ni mbili, na ndiyo maana ghala linafagiliwa kwanza. Aliyefungiwa ndani hewa inamwishia kabla hajafika mbali."

Meneja wa mauzo hakulipenda. Neno la kwanza kwenye jibu la pingamizi, alisema, haliwezi kuwa kukubali pingamizi. Kwa kawaida namheshimu sana meneja huyu, lakini hapa alikuwa anawaza mteja ambaye hajawahi kumwona dumuzi. Mkulima anamjua dumuzi kuliko muuzaji, kuliko meneja, na pengine kuliko mtaalamu. Ukimwambia hatoboi, umemwonyesha kwamba huna habari, na mengine yote utakayosema atayasikiliza kwa sikio hilo. Jibu lilipita kama lilivyoandikwa.

Inabaki ile ya kuoza, na hapa kadi inafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye karatasi ya mauzo. Mfuko usiopitisha hewa haupitishi na unyevu. Mahindi yaliyowekwa mabichi hayawezi kukauka mle ndani. Unyevu unabaki nayo, ukungu unaota, na mfuko unabeba lawama. Ili mfuko ufanye kazi, mahindi yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo. Slaidi ya 41 ilitoa kipimo maarufu cha chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka chumvi kavu na mahindi, tikisa, iache itulie, chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi ni mabichi, isipoganda yamekauka.

Dada alikwama kwenye neno la mwisho. Alirudi kwa mtaalamu, wakakaa, na ikaonekana wazi kwamba kipimo cha chumvi hutenganisha mahindi yaliyo juu ya asilimia 15 hivi na yaliyo chini yake. Mahindi ya asilimia 14.5 yanaweza kufaulu kipimo cha chumvi na bado yasifae kufungiwa. Yaani chumvi inaweza kukataa lakini haiwezi kupitisha. Tofauti hii, ya asilimia moja na nusu, ilikuwa imelala kwenye slaidi kwa miaka bila mtu kuigusa, na huenda ndiyo iliyomponza yule jirani wa kila mteja. Kwenye kadi sasa imeandikwa: "Chumvi ikishika kioo, usiuze. Isiposhika, aendelee kuanika, kisha tupime kwa mashine." Kipima unyevu kidogo cha mkononi kikawekwa dukani, na kadi ikaandika kilipo: droo ya kushoto.

Mtaalamu alitaka hapo paongezwe habari ya sumukuvu, na vifo vya mashariki mwa Kenya mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Ni habari ya kweli na nzito. Dada aliikataa kwa sababu mbili. Kwanza, mteja anayeogopeshwa kaunta haogopi ukungu, anaogopa mfuko. Pili, na hii ndiyo iliyomaliza mjadala, mfuko hauondoi sumukuvu iliyokwisha ingia shambani au kwenye uanikaji, kwa hiyo kutumia vifo vile kuuza mfuko ni kudanganya kwa kutumia ukweli. Paliwekwa mstari mmoja tu: mfuko hauondoi sumukuvu iliyomo tayari.

Kisha akachora kisanduku, katikati ya ukurasa, chenye kichwa "Usiuze leo". Kina mambo matatu. Mahindi hayajakauka. Anataka gunia la kufungua kila siku. Anauza yote ndani ya wiki chache. Katika kadi nzima hiki ndicho ninachokihusudu zaidi. Kila mfuko uliouzwa kwa mmoja wa watu hawa watatu unazaa "jirani yangu yakaoza" wa msimu ujao, na tulishaona kwamba jirani huyo mmoja anawaondoa wateja wawili. Slaidi zilikuwa na mteja mlengwa, mwenye umri na ukubwa wa shamba. Hazikuwa na mteja wa kumrudisha nyumbani.

Kuhusu ushahidi, slaidi zilikuwa na nembo za taasisi zimepangwa safu mbili, na maneno "imethibitishwa kitaalamu". Dada hakuzibishia. Aliuliza tu: mteja atazishika wapi? Ushahidi alioutaka ni ule ulio ndani ya mita mbili kutoka kaunta, na akaupata wa aina mbili. Wa kwanza ni plastiki yenyewe. Muuzaji anafungua mfuko, anaupunga ukamate hewa, anausokota mdomo na kumpa mteja aukandamize kwa mikono yake. Hewa isipotoka, ameona; ikitoka mahali, mfuko huo unarudi kwa wakala. Inachukua muda mfupi kuliko kusoma safu moja ya nembo.

Wa pili ni ule wa kufungua mifuko hadharani, ambao wasambazaji wa mifuko hii wameufanya vijijini kwa miaka mingi: mfuko unafungwa baada ya mavuno mbele ya watu, unafunguliwa miezi sita hivi baadaye mbele ya watu walewale. Slaidi zilikuwa na picha ya tukio kama hilo, mahindi meupe na nyuso za furaha. Dada aliitazama akasema picha hiyo haithibitishi kitu, kwa kuwa huenda mwaka ule wadudu walikuwa wachache hata kwenye magunia ya kawaida. Kwa hiyo kwenye kadi aliweka jedwali dogo la mistari miwili, la kujazwa kwa kalamu na kila duka: mfuko, na gunia la kawaida lililojazwa mahindi yaleyale siku ileile. Kijiji, tarehe ya kufunga, kilo zilizoingia, tarehe ya kufungua, kilo zilizobaki baada ya kupepeta. Duka ambalo halijafanya jaribio lake linaacha jedwali wazi. Kuazima tarakimu za duka jingine hakuruhusiwi, na sababu ni nyepesi: mkulima huuliza, "Ni kwa nani hapo?" na muuzaji lazima awe na jina la kumtajia.

Kulikuwa na sehemu ya washindani, na hapo nusura kadi ife kabla haijazaliwa. Slaidi ziliishambulia dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka, kwa rangi nyekundu, kama kitu cha kizamani. Aliyeziandaa alisahau kwamba mwenye duka anauza dawa hiyohiyo, kwenye rafu ya pili, na ina faida yake. Ukimpa mtu karatasi inayomtukania nusu ya bidhaa zake, ataichana. Dada aliandika badala yake ni lini kila kimoja kinafaa. Dawa ya unga kwa anayefungua gunia kila wiki au anayeuza mapema, kwa kipimo cha lebo. Silo ya bati kwa mwenye mzigo mkubwa na panya wengi. Mfuko kwa anayetaka kuweka miezi mingi bila dawa na bila kugusa. Mwenye duka aliisoma sehemu hii kwanza, nikamwona anatulia.

Mengine yote ni ya mkono. A4 upande mmoja. Herufi za kusomeka kwenye mwanga wa duka, yaani mwanga wa mlangoni. Hakuna rangi inayobeba maana, kwa sababu kadi itatolewa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi. Mahali pa bei pameachwa wazi pajazwe kwa penseli. Hakuna jibu linalozidi sentensi tatu, na kila jibu lilisomwa kwa sauti na kijana wa dukani kabla halijapita. Maneno "uhifadhi usiopitisha hewa" yalimfanya asite katikati ya sentensi, yakaondolewa. Hakuna mtu aliyeyakumbuka tena.

Ofisini kila idara ilikuja na kitu kidogo tu cha kuongeza, na kila kimoja kilikuwa na haki yake. Dada alikuwa na sharti moja: ukileta mstari, taja utakaotoka. Wengi waliondoka na mistari yao. Nembo ya kampuni, ambayo ilitakiwa iwe juu na kubwa, imekaa chini kulia.

Aliporudi dukani wiki kadhaa baadaye hakuuliza kama kadi inafaa, kwa kuwa jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote. Alitazama ilipo. Duka moja lilikuwa limeibandika ukutani nyuma ya muuzaji, safi, haijaguswa. Hapo kadi ilikuwa imeshindwa. Jingine liliiweka chini ya kioo cha kaunta, na kona ilikuwa imechakaa mahali pa hesabu ya kilo kumi. Kisha akakaa kwenye benchi kusikiliza tena, safari hii akimsikiliza muuzaji, na akamsikia akisema kitu ambacho hakikuwemo kwenye karatasi: "Tunamfungia mdudu na hewa yake. Akiimaliza, basi." Alilifuta jibu lake mwenyewe na kuliweka hilo.

Mtaalamu naye amezirekebisha slaidi ya 33 na ya 41. Kadi iliyopo sasa ina tarehe chini, ni ya msimu mmoja, na msimu ukiisha mwenye duka anatakiwa kuirudisha ikiwa na alichokiandika pembeni kwa penseli. Bila maandishi hayo, toleo linalofuata halichapwi.